Meza ya kutikisa: namna ya kuonyesha kwa nini jengo la umbo la L na fremu zilizo wazi mbele hujisokota

Jiji la Mbeya limekaa mahali ambapo matawi ya Bonde la Ufa yanakutana: upande mmoja linateremka kuelekea Rukwa, upande mwingine kuelekea Ziwa Nyasa, na upande wa tatu linafunguka kwenye uwanda wa Usangu. Tetemeko la Rukwa la tarehe 13 Desemba 1910 ni miongoni mwa makubwa kabisa yaliyowahi kupimwa barani Afrika, na mfululizo wa matetemeko ya Karonga, Malawi, wa Desemba 2009 ulitokea upande wa pili tu wa mpaka. Ukipita Mwanjelwa au Uyole utaona majengo mengi ya aina mbili: lile la kiwanja cha kona lililojengwa kwa umbo la L, na safu ya fremu za maduka ambazo nyuma zina ukuta mzima na mbele zina milango mipana na nguzo chache. Mwongozo huu unaeleza namna ya kutengeneza meza ya kutikisa na modeli tatu ambazo zitakuonyesha, kwa macho na kwa rula, aina hizo mbili za majengo zinafanya nini ardhi ikitikisika kwenda na kurudi.

Modeli zote tatu zina uzito ule ule na idadi ile ile ya nguzo, kwa hiyo tofauti yoyote utakayoiona inatokana na umbo peke yake. Majaribio mengi ya shuleni yanaharibika hapo: mtu analinganisha mnara wa vijiti vyembamba na kibanda cha vijiti vinene, halafu hawezi kusema kilichouangusha mnara ni urefu, ni wembamba wa vijiti au ni gundi.

Meza yenyewe

Kata vipande viwili vya plaiwudi ya milimita 18. Cha chini, ambacho ni kitako, kiwe na sentimita 80 kwa 45. Cha juu, ambacho ndicho kitakachotikisika, kiwe na sentimita 60 kwa 40. Tafuta pia mbao mbili za paina za inchi 2 kwa 2 zenye urefu wa sentimita 40, na nyingine mbili kama hizo za kufunga chini ya kipande cha juu. Paina inayotoka Sao Hill inafaa sana kwa kazi hii, mradi iwe imekauka, kwa sababu mbao mbichi hujikunja baada ya wiki chache na kuvuruga ulinganifu wa reli.

Nunua reli mbili za droo za aina yenye gololi ndani, za sentimita 40. Funga upande mmoja wa kila reli kwenye ubavu wa mbao iliyoko juu ya kitako, na upande wa pili kwenye ubavu wa mbao iliyofungwa chini ya kipande cha juu, reli zikiwa zimesimama wima kama zinavyokaa ndani ya kabati. Ukizilaza, gololi hubeba uzito kwa upande usiotengenezwa kubeba na meza itachezacheza juu na chini. Reli hizo lazima ziwe sambamba kabisa: pima umbali kati yao kwenye ncha zote mbili, na tofauti isizidi milimita 1. Kisha inua kitako upande mmoja kwa unene wa vidole viwili. Kipande cha juu kinapaswa kuteleza chenyewe, polepole, bila kukwama popote. Kikikwama katikati, legeza skrubu za reli moja tu, sukuma meza mbele na nyuma mara kadhaa ili reli ijitafutie mahali pake, halafu kaza tena.

Kinachosukuma meza ni kisahani cha mbao ngumu chenye kipenyo cha sentimita 6, kilichotobolewa si katikati bali milimita 2 kando ya kitovu chake. Pitisha bolti ndefu ya milimita 8 kwenye tundu hilo, kibane kisahani kwa nati na washa pande zote mbili, na uiegemeze bolti kwenye vigogo viwili vya mbao vilivyofungwa kwenye kitako, mbele ya ukingo wa meza, ili bolti ikae kwa kukingama na mwendo wa meza. Ncha moja ya bolti ibaki nje kwa ajili ya kubanwa na drili. Kwenye ukingo wa meza unaogusana na kisahani, funga kipande bapa cha bati nene na ukipake grisi kidogo. Upande wa pili wa meza funga mikanda miwili iliyokatwa kutoka kwenye tyubu ya baiskeli na uivutie kwenye kitako kwa namna ambayo meza inakandamizwa dhidi ya kisahani muda wote.

Mpangilio huu una faida ambayo fito za kusukuma na kuvuta hazina. Kisahani cha duara kinachozunguka kando ya kitovu chake, kikisukuma uso ulio bapa, huipa meza mwendo laini kabisa wa kwenda na kurudi, milimita 2 kila upande, bila mshtuko. Sharti ni moja, kwamba mikanda ivute vya kutosha. Ipime kwa mizani ya kuning'iniza: ivutapo meza kuiachanisha na kisahani, mizani isome angalau kilo 6. Ikiwa imelegea utajua bila kuangalia, kwa sababu meza itaanza kugonga bati kwa sauti ya tak-tak mara kasi inapopanda, na kuanzia hapo mtikisiko si ule uliouchagua tena.

Drili iwe ya betri, yenye gia mbili, na utumie gia ya kwanza. Drili nyingi za aina hiyo huishia karibu mizunguko 400 kwa dakika katika gia hiyo, yaani kidogo chini ya mapigo 7 kwa sekunde. Drili ya umeme ya kasi moja kubwa haifai, kwani huwezi kuidhibiti katika mizunguko 200 au 250 kwa dakika, na huko ndiko kazi yetu yote iliko.

Modeli tatu

Nguzo ni spoki za baiskeli. Nilianza na njiti za mianzi kwa kuwa mianzi ni mingi, lakini hakuna njiti mbili zinazolingana unene, na nguzo moja iliyo dhaifu kuliko wenzake inatosha kulisokota jengo ambalo halikupaswa kusokotwa. Spoki ya kawaida ya chuma ina unene wa milimita 2 kutoka mwanzo hadi mwisho, na fundi baiskeli yeyote anazo. Unahitaji 18 zilizonyooka. Kata kichwa kilichopinda na sehemu yenye hesi, ubakize milimita 280 kamili.

Kila modeli ina kitako cha plaiwudi ya milimita 18 na paa la plaiwudi ya milimita 12. Spoki huzama kabisa katika vipande vyote viwili, kwa hiyo sehemu inayobaki huru kujipinda ni milimita 250. Toboa matundu ya milimita 2 ukiwa umevibana kitako na paa pamoja, ili matundu yalingane, na uzibe kwa gundi ya epoksi ya kuchanganya sehemu mbili. Iache ikauke usiku kucha. Katika hali ya hewa ya Mbeya mwezi wa Juni na Julai ni afadhali kuipa siku mbili, kwa kuwa baridi huichelewesha gundi hiyo kukomaa.

Modeli ya kwanza, mraba, ina paa la milimita 240 kwa 240. Spoki nne hukaa kwenye kona, kila moja milimita 10 kutoka ukingoni, na mbili zilizobaki hukaa katikati ya kingo mbili zinazotazamana. Hii ndiyo kipimo cha kulinganishia.

Modeli ya pili, L, hutokana na mraba ule ule ulioondolewa robo moja, ili zibaki sehemu tatu za milimita 120 kwa 120. L ina kona sita, tano zinazochomoza nje na moja inayoingia ndani, na kila kona inapata spoki yake, milimita 10 kutoka kingoni.

Modeli ya tatu, fremu, ina paa la mraba kama la kwanza, lakini spoki nne zimepangwa kwa nafasi sawa kwenye ukingo wa nyuma na mbili tu ziko kwenye kona za mbele. Nyuma ndiko ukuta ulipo. Mbele ndiko milango ya maduka iliko.

Sasa linganisha uzito. Pima kila paa kabla ya kuliunganisha, kisha uongeze mchanga mkavu hadi lifike kilo 1 kamili. Paa la mraba la plaiwudi ya kawaida lina takribani gramu 410, kwa hiyo litahitaji kama gramu 590 za mchanga. Lile la L lina kama gramu 310 na litahitaji gramu 690. Gawanya mchanga katika vifuko vya nailoni, vinne kwa mraba na vitatu kwa L, kimoja katikati ya kila sehemu. Vijaze hadi vibane na uvifunge kwa utepe mpana ili visisogee. Mchanga uliolegea ndani ya mfuko hujisugua wenyewe na kuumeza mtikisiko, na utadhani umepata jengo imara kumbe umepata mfuko mlegevu.

Kujua mapema kitakachotokea

Kabla ya kuwasha drili, inafaa ujue modeli ya mraba itaitikia kasi gani. Spoki ya chuma ya unene huo na urefu huo, ikiwa imeshikwa imara juu na chini, inahitaji nguvu ya takribani nyutoni 1.2 ili paa lisogee kando sentimita 1. Spoki sita zinahitaji nyutoni 7.2, ambayo ni sawa na nyutoni 720 kwa mita. Kwa uzito wa kilo 1:

f = √(720 ÷ 1) ÷ 6.28 = 4.3

yaani mapigo 4.3 kwa sekunde. Usitarajie kuipata namba hiyo kamili. Uzito wa paa wenyewe huzisaidia spoki kuinama, na gundi nayo hulegea kidogo, na vyote viwili hushusha namba. Yangu ilitoka 3.9. Ikitoka chini ya 3.5, kuna kiungo kimoja au zaidi kilichoachia.

Namna ya kuipima ni kulivuta paa kando kwa milimita 10, kuliachia, na kurekodi kwa simu katika hali ya mwendo wa polepole. Hesabu mapigo 20 kwenye video na ugawanye kwa sekunde halisi zilizopita. Kwa macho matupu mapigo manne kwa sekunde hayahesabiki kwa uhakika, nami nimewaona wanafunzi watatu wakitoa majibu matatu kwa modeli moja.

Jambo la pili la kujua mapema ni mahali vitovu viwili vilipo. Ardhi inapotikisika, uzito wa paa hufanya kana kwamba wote umekusanyika kwenye kitovu cha uzito. Nguzo nazo, zikiwa za unene mmoja, hulishikilia paa kana kwamba ziko zote kwenye kitovu chao, ambacho ni wastani tu wa mahali zilipo. Vitovu viwili vikikutana, paa huenda na kurudi bila kujisokota. Vikiachana, paa huvutwa mahali pamoja na kushikiliwa mahali pengine, na hapo lazima lizunguke.

Kwenye mraba vyote viwili viko katikati, milimita 120 kutoka kila ukingo. Kwenye fremu kitovu cha uzito kiko pale pale katikati, lakini nguzo nne ziko milimita 230 kutoka ukingo wa mbele na mbili ziko milimita 10. Wastani wake ni (4 × 230 + 2 × 10) ÷ 6, yaani karibu 157. Vitovu vimeachana kwa milimita 37. Kwenye L, ukipima kutoka kwenye kingo mbili ndefu, kitovu cha uzito cha sehemu tatu kiko milimita 100, na wastani wa nguzo sita uko karibu 117, hivyo tofauti ni milimita 17 kwa kila upande.

Kutikisa

Funga kitako cha modeli kwenye meza kwa skrubu nne, usitumie gundi wala utepe. Fremu ikae hivi kwamba ukuta wa nyuma uko sambamba na mwendo wa meza. Bandika alama za utepe mwekundu kwenye ukingo wa mbele na wa nyuma wa paa, weka rula juu ya meza karibu na modeli, na usimamishe simu juu kabisa ikitazama chini, ikiwa imeshikwa na kitu kisichogusana na meza.

Anza polepole na upandishe kasi kidogo kidogo. Kwenye mapigo 2 kwa sekunde paa na meza husafiri pamoja kana kwamba ni kitu kimoja. Ukikaribia mapigo ya modeli yenyewe, paa huanza kuzidi meza, kwanza mara mbili, kisha mara tano, kisha zaidi, ingawa meza bado inasogea milimita 2 zile zile. Hapo uwe makini. Paa likifika milimita 30 kila upande, achia kitufe cha drili mara moja, kwani likizidi 40 spoki hupinda na hazirudi, na modeli iliyopinda haifai tena kulinganishwa na nyingine. Ukiipita kasi hiyo na kuendelea kupanda, utaona paa likitulia tena, kana kwamba limesimama hewani huku meza ikikimbia chini yake.

Mraba huenda na kurudi, alama zote mbili zikisafiri umbali sawa. Ukiona unajisokota, usiendelee na modeli nyingine, bali tafuta spoki iliyoachia gundi. Bana kila moja kwa vidole karibu na paa na uitingishe; iliyolegea utaisikia.

Fremu huanza kuitikia mapema kidogo kuliko mraba, kwangu kwenye mapigo 3.7, na alama zake hazikubaliani. Katika jaribio moja ukingo wa mbele ulisafiri milimita 52 kutoka ncha hadi ncha, na wa nyuma milimita 27. Ni uzito ule ule na spoki zile zile sita, lakini nguzo mbili za mbele, ambazo tayari ni chache, ndizo zilizopindwa karibu maradufu. Andika uwiano huo wa mbele kwa nyuma kuliko kuandika umbali wenyewe, kwa sababu umbali hutegemea ulivyoibonyeza drili, na uwiano hautegemei.

Kisha legeza skrubu, izungushe fremu robo mzunguko ili ukuta wa nyuma ukingame na mwendo, na urudie. Msokoto unatoweka, maana kwa upande huo nguzo zimepangwa kwa ulinganifu. Ndiyo maana haitoshi kumuuliza fundi kama jengo lina nguzo sita. Lazima ulitazame kwa pande zote mbili, kwa kuwa tetemeko halichagui upande wa kuja.

L inafanya jambo ambalo wengi hawalitarajii: inayumba hata upande ambao haikusukumwa. Meza inakwenda kaskazini na kusini tu, lakini paa linakata mshazari na ncha za mikono yake miwili zinachora duara bapa. Tazama video polepole, picha moja moja, ndipo utakapoliona vizuri. Kuna kikomo cha kutambua hapa. Paa letu la plaiwudi ni gumu, kwa hiyo mikono miwili ya L inalazimika kwenda pamoja. Katika jengo halisi kila mkono unataka kuyumba kivyake, na mvutano wao hukusanyika kwenye kona inayoingia ndani, mahali ambapo nyufa huanzia. Ukitaka kuliona hilo, tengeneza L nyingine yenye paa la kadibodi ya boksi na uikate kidogo kwa wembe kwenye kona hiyo ya ndani; utaona ufa ukifunguka na kujifunga.

Namba za mapigo nazo usizihamishie kwenye nyumba. Nyumba ya matofali ya chini huitikia mtikisiko wa haraka zaidi kuliko modeli hizi, na ghorofa refu huitikia ule wa polepole. Kinachohamishika ni namna ya kujisokota na sababu yake.

Jaribio la kuondoa msokoto

Rudisha fremu kwenye mkao wake wa kwanza. Vifungue vifuko vya mchanga na uvipange vyote katika safu moja iliyo sambamba na ukuta wa nyuma, vitovu vyake vikiwa milimita 53 nyuma ya katikati ya paa, pima kwa rula, uvifunge tena. Plaiwudi haikusogea, lakini gramu 590 kati ya 1000 zimesogea, na kitovu cha uzito kimerudi nyuma karibu milimita 31. Pengo la 37 limebaki 6. Tikisa: alama ya mbele na ya nyuma sasa zinakaribiana. Sogeza milimita 9 zaidi, hadi 62, na vitovu viwili vinakutana. Paa lile lile lenye nguzo nne nyuma na mbili mbele linakwenda na kurudi kama mraba.

Mwenye jengo hawezi kuusogeza uzito wa paa lake namna hiyo, lakini anaweza kukisogeza kile kitovu kingine, kwa kuongeza nguzo au vipande vya ukuta kati ya milango ya mbele. Chomeka spoki mbili za ziada mbele, ziwe nne kwa nne, rudisha mchanga katikati, na upime tena uwiano wako. Kwa L, kata modeli kwa msumeno kwenye mstari unaoanzia kona ya ndani, ili ubaki na mstatili na mraba vilivyosimama karibu karibu, na uongeze na kupanga upya spoki hadi kila kimoja kiwe na zake nne kwenye kona zake. Acha kati yao nafasi pana kuliko jumla ya miyumbo ya vyote viwili. Ukiacha milimita 5 tu utasikia mapaa yakigongana kwenye kasi ile ile ambayo kila moja, likiwa peke yake, lilikuwa linayumba bila kudhurika.